Dakika ya Mbonigaba

Fundi Faradji wa mtaa wa Waswahili pale Gisenyi, kando ya ziwa, alikuwa na saa, na saa hiyo ndiyo iliyomtia katika mambo haya yote. Usimdhanie mtu wa makuu. Alikuwa mshonaji, mfupi, mwenye miwani iliyofungwa uzi kwenye sikio moja, na kwa miaka zaidi ya ishirini alikata kanzu na suruali kibarazani kwake huku akisema na kila apitaye. Mdomo alikuwa nao, hakuna aliyebisha. Akikuona umekonda atakwambia, akikuona umenenepa atakwambia pia, na utacheka upende usipende.

Kabla ya cherehani alikuwa askari, tena mpiga tarumbeta. Kila mwaka, tarehe kumi na moja ya Novemba, aliwekwa mstarini pamoja na wenzake, afisa akatazama saa, akainua mkono, na uwanja mzima ukanyamaza dakika moja kwa ajili ya watu waliokufa katika vita vya Wazungu. Faradji alikuwa akingoja kupuliza, na mtu anayengoja kupuliza huijua dakika vizuri kuliko mwingine yeyote. Alipoacha jeshi alirudi na vitu viwili: saa ya mfukoni yenye mshale mdogo wa sekunde, na ujuzi wa namna ya kuwanyamazisha watu.

Ujuzi huo ulitakiwa mwaka 1948. Mwaka mmoja kabla, boti ya mbao iliyokuwa ikipeleka wafanyabiashara na viazi vya Bugeshi kwenye soko la Kibuye ilizama ziwani, na watu kumi na wanane hawakurudi. Jamaa zao, Wakristo wa pwani ya ziwa na Waislamu wa mjini, walichanga wakasimamisha jiwe jeusi la volkano pale pale boti ilipoondokea, wakalizungushia ukuta mfupi, wakaandika majina kwa rangi nyeupe. Kiongozi wao alikuwa Wellars Sibomana, mwalimu aliyesoma Nyundo, ambaye kaka yake alikuwa miongoni mwa waliokufa. Sibomana alitaka hotuba na dakika ya ukimya. Hotuba aliiweza mwenyewe. Dakika akampa Faradji.

Mwaka ule wa kwanza, jamani, ilikuwa aibu. Faradji alipuliza filimbi, kina mama wakaruka. Kisha Wakristo wakaanza kusali kimoyomoyo, na kila aliyemaliza sala yake akatoa "Amina" kwa sauti, kama alivyozoea kanisani. Waislamu waliposikia Amina ya kwanza wakajua mambo yamekwisha, wakapangusa nyuso, wakaanza kuulizana habari za nyumbani. Wengine bado walikuwa wameinamisha vichwa. Dakika ile haikufika nusu, na Sibomana alikaa siku tatu bila kumsalimu mtu.

Ndipo Faradji akakaa chini akaitengeneza dakika kama anavyotengeneza nguo. Filimbi aliitupa. Ngoma aliikataa, maana watu wa kwetu wakisikia ngoma mabega hayatulii. Alishona kitambaa cheupe cha ukubwa wa mto, na kwenye pindo akatia vifungo vinne vya koti ili upepo wa ziwa usikipeperushe. Kitambaa kikipanda juu, kimya. Kikianguka chini, basi. Amina zote zibaki moyoni, na mwenye kofia ya Kiislamu abaki nayo, mwenye ya Kizungu aivue. Asubuhi ya siku yenyewe aliijaza saa funguo, akaenda mpaka posta kuilinganisha na saa ya ukutani. Na hakuinua kitambaa mpaka mshale mdogo ufike juu kabisa, kwa sababu ukianzia katikati lazima utakosea kuhesabu. Kina mama wa ziwani walikuwa na kipimo chao: Salamu Maria tatu, zikisomwa bila haraka, ni dakika moja. Siku moja Faradji aliwapima kwa saa yake, akakuta hawakosei hata sekunde mbili. Alifurahi sana siku hiyo.

Basi kwa miaka saba mambo yalikwenda sawa. Lakini nilisema waliokufa walikuwa kumi na wanane. Jiwe lilikuwa na majina kumi na saba.

Wa kumi na nane alikuwa Mbonigaba, nahodha wa boti ile. Baada ya ajali alikuja mtu wa serikali kuandika ilivyotokea, akawaita manusura sita mmoja mmoja. Watano walisema nahodha alitoa boti kwa kichwa chake na upepo umekwisha kuanza. Wa sita alikuwa Faradji, aliyekuwa ndani ya boti na majora yake ya kitambaa. Aliulizwa kama ana neno la kuongeza. Mtu yule mwenye mdomo usiochoka akatazama viatu vyake, akasema hana. Ikaandikwa kwamba kosa ni la nahodha, na jamaa walipoliandika jiwe hawakutaka jina lake likae na ya watu aliowaua.

Mjane wake, Mukamusoni, aliuza samaki wa kukausha sokoni. Watu walinunua kwake, hawakumtukana, lakini kwenye jiwe hawakumkaribisha. Kila mwaka alikuja akasimama nje ya ukuta, karibu na njia, na kikapu chake kichwani, akasikiliza majina kumi na saba. Yakiisha, kabla kitambaa hakijapanda, aliondoka. Faradji alimwona kila mwaka, na kila mwaka alijifanya anaitazama saa.

Mwaka 1956, siku nne kabla ya kumbukumbu, Sibomana akapotelewa na sauti. Kifua kilimbana, akawa anazungumza kwa ishara kama bubu. Akamwendea Faradji na karatasi ya hotuba, ambayo ilikuwa imekwisha kusomwa kwenye ofisi ya serikali na kupigwa muhuri, akamwandikia kwenye ubao mdogo aliokuja nao kwamba safari hii atasoma Faradji, na kushika saa atashika yeye huyo huyo. Faradji akasema yeye ni fundi, si mwalimu. Sibomana akaandika: "Uliwahi kukosa maneno wewe?"

Wakafanya mazoezi siku mbili, mwalimu akinong'ona na kuandika. Hotuba iwe fupi: kuwashukuru waliofika, kueleza kilichotokea bila kupamba, kisha majina. Jina, mahali alipotoka, pumzi moja, jina lingine. Usiseme "marehemu" mara kumi na saba, utawachosha. Usiinue uso katikati ya majina, maana ukikutana na macho ya mama wa mtu sauti itakatika. Na ukifika kwenye dakika usianze kueleza ukimya ni nini; waambie wasimame, inua kitambaa. Faradji aliyashika yote. Hapo alikuwa bado ana raha, hata alimtania mwalimu kwamba bila sauti amekuwa mtu mzuri zaidi.

Raha iliisha siku ya tatu. Mukamusoni alikuja kibarazani bila kikapu, akakaa kwenye kibao cha wateja. Walisalimiana, wakaulizana za watoto. Alimwita Baba Zaina, kwa jina la binti yake mkubwa, na yeye akamwita Mama Drocella. Kisha mama akasema amesikia ni yeye atakayesoma.

Faradji akakubali, ni yeye.

"Mi siombi jiwe," Mukamusoni akasema. "Jiwe ni la wenye kuchanga. Naomba umusome tu. Mara moja. Watu wasikie kama naye alikufa."

Faradji akaeleza mambo mengi. Karatasi imepigwa muhuri. Majina ni ya jamaa, si yake. Mwalimu atasemaje. Alieleza mpaka yeye mwenyewe akachoka kujisikiliza. Mukamusoni alimsikiliza mpaka mwisho bila kumkatiza, akasema ameelewa, akainuka. Akiwa ameshuka ngazi, Faradji akamwambia, bila kujua kwa nini, asiondoke mapema mwaka huu, angoje kitambaa kianguke. Yeye mwenyewe hakuahidi kitu. Mama akaenda zake.

Cherehani haikulia tena siku ile. Na sababu nitaisema sasa, maana Faradji alikuwa anaijua kwa miaka tisa na hakuna mwingine aliyebaki hai wa kuisema. Manusura wale watano walikuwa wamekaa mbele kwenye magunia, hawakusikia. Yeye alikuwa nyuma, karibu na nahodha. Asubuhi ile Mbonigaba alitazama maji upande wa kisiwa cha Idjwi, akaona yamebadilika rangi, akasema hatoki, wangoje kesho. Soko la Kibuye lilikuwa kesho hiyo hiyo. Faradji alikuwa na majora sita ya kitambaa kipya ambacho wengine hawakuwa nacho. Akamtania nahodha, kama alivyomtania kila mtu. Akamwambia kama anaogopa maji, ampe mke wake kasia. Vijana wa makasia wakacheka. Mbonigaba akafungua kamba.

Utani tu. Ndivyo alivyojiambia mwaka wa kwanza, na wa pili. Kufikia wa tatu aliacha kujiambia.

Siku ya kumbukumbu ilikuwa tulivu, ziwa limelala, milima ya volkano iko wazi mpaka kileleni. Nyasi zilikuwa zimefyekwa jana yake, majina yamepakwa rangi upya. Watu walijaa ndani ya ukuta kiasi cha mia moja na ishirini, jamaa mbele, wengine nyuma. Sibomana alisimama kando, skafu shingoni. Faradji alikuwa ameijaza saa na kuilinganisha, na kitambaa chenye vifungo vinne alikishika mkono wa kushoto. Nje ya ukuta, karibu na njia, Mukamusoni alikuwa amesimama, kikapu amekitua chini.

Saa nne kamili, saa boti ilipotoka, alianza. Alishukuru. Akaeleza kwamba siku kama hii boti ilitoka hapa ikiwa na watu ishirini na wanne, kwamba upepo uliipata mbele ya rasi, kwamba waliookolewa ni sita naye ni mmoja wao. Alisoma vizuri, mwalimu akawa anaitikia kwa kichwa, ameridhika. Kisha majina. Jina, mahali, pumzi. Wa Kanzenze wanne. Wa Bugeshi watano. Wa mjini, wa pwani. Kaka yake mwalimu. Hakuinua uso hata mara moja. Alipofika la kumi na saba akavuta pumzi, na pumzi ile ikakaa kifuani, na la kumi na nane likakaa nyuma yake.

Akawaambia wasimame, ingawa walikuwa wamesimama.

Mshale ukafika juu, akainua kitambaa.

Watu walinyamaza kama walivyozoea. Unasikia maji yakilamba mawe, unasikia mtoto akinyonya. Sekunde kumi. Faradji alikuwa akiutazama mshale mdogo ukipanda na kushuka, na kwa mara ya kwanza katika miaka minane alijiuliza anamhesabia nani. Sekunde thelathini. Alifikiri: nikishusha kitambaa, ataokota kikapu chake aende, na mwakani mwalimu atapona. Sekunde hamsini.

Sitini. Kitambaa kikaanguka, vifungo vikagonga jiwe.

Watu wakashusha pumzi, wengine wakaanza kuvaa kofia. Mama mmoja alikwisha kumgeukia jirani yake. Mwenye shada la maua akapiga hatua kuelekea majini, kwa kuwa kulitupa ziwani ndiko kulikofuata. Faradji akainama, akaokota kitambaa, akautazama mshale mpaka ukarudi juu, akakiinua tena.

Watu wa kwetu wana adabu ya ajabu kwa kitu walichokizoea. Waliona kitambaa kiko juu, wakanyamaza. Kofia zilizovaliwa zikavuliwa. Mwenye shada akasimama mguu mmoja mbele. Hakuna aliyejua ni kwa ajili ya nani, lakini kitambaa kilikuwa juu. Sekunde ishirini. Sibomana akamtazama kwa macho ya kuuliza. Thelathini. Sibomana akaanza kuja, polepole, mkono mmoja umeshika skafu. Faradji akaona kwamba mwalimu akimfikia atakishusha kitambaa mwenyewe kwa upole, aseme fundi amechanganyikiwa, na mambo yatakwishia hapo.

Sekunde arobaini zilipotimia, akasema, mkono ungali juu:

"Dakika ya kwanza ilikuwa ya wale kumi na saba. Hii iko ya Mbonigaba. Hakutaka kutoka. Alisema tungoje. Mimi ndiye nilimucheka, nikamwambia, kama unaogopa maji, umupe bibi yako kasia. Watu wakacheka, akatoa boti. Waliponiuliza, nilinyamaza."

Kisha mkono ukashuka wenyewe.

Sitasema watu walilia wakakumbatiana, kwa sababu hawakufanya hivyo. Mzee mmoja wa Kanzenze, aliyepoteza watoto wawili, aliokota fimbo yake akatoka bila kumtazama mtu. Wengine walimfuata. Shada likatupwa majini haraka haraka, chai ikanywewa na wachache. Sibomana alikaa juu ya ukuta muda mrefu. Hatimaye alichukua ile karatasi yenye muhuri, akaitoa penseli sikioni, akaandika jina moja chini ya kumi na saba, akaikunja, akaitia mfukoni. Mukamusoni alikuwa amekwisha kuondoka.

Wiki iliyofuata kibaraza kilipoa. Wateja wawili walikuja kuchukua vitambaa vyao kabla havijakatwa. Mke wake Faradji alimwuliza kwa nini hakusema siku zote hizo, na kwa nini amesema sasa, na yeye akaendelea kutunga uzi kwenye sindano. Lakini usingizi, alimwambia, anaupata.

Siku ya nane, asubuhi, Mukamusoni akapanda ngazi za kibaraza. Safari hii hakukaa. Faradji alisimama, akavua miwani, na alijua kwamba akitukanwa atastahili. Akaanza kuomba msamaha. Mama akainua mkono, akamnyamazisha.

"Baba Zaina, lile neno la kasia nililisikia. Hilo nitakaa nalo mwenyewe, usiniharakishe." Akakaza kitenge chake. "Lakini nilikuwa nahesabu. Wale walipata Salamu Maria tatu. Yeye alipata mbili, ukaanza kusema."

Faradji akafikiri, akahesabu moyoni, na ilikuwa kweli. Sekunde arobaini. Kwa miaka minane hakuwahi kukata dakika ya mtu, na alikuwa amekata hii.

"Moja imebaki," Mukamusoni akasema. "Njoo uitoe."

Hakubisha. Akaingia ndani, akachukua kitambaa na saa, akaijaza funguo hapo hapo mlangoni. Alitaka kupita posta kwanza, kama desturi, na mama akamngojea nje wakati anailinganisha. Wakashuka pamoja mpaka pwani, yeye mbele, mama nyuma. Wavuvi waliokuwa wakitengeneza nyavu waliwaona wakipita, wakaacha kazi.

Ukuta ulikuwa na mlango mdogo tu. Faradji akaingia, akageuka. Mukamusoni alikuwa amesimama nje, mahali pake pa miaka yote. Akamwambia aingie. Mama akatazama chini, akavuka kizingiti cha mawe, akaja akasimama mbele ya jiwe, pale wanaposimama jamaa.

Faradji aliuangalia mshale mdogo. Ulikuwa umepita juu, na angeweza kuanzia popote, sekunde ishirini ni sekunde ishirini. Hakuanza. Alingoja uzunguke taratibu mpaka ufike arobaini, mahali alipoukatiza. Ndipo akainua kitambaa.

Midomo ya Mukamusoni ikawa inacheza bila sauti. Mshale ulipofika juu, Faradji hakuangusha kitambaa. Alimtazama mama kwanza. Mama alikuwa amefunga macho, bado ana maneno machache. Akamngoja. Alipofungua macho na kusema "Amina", kwa sauti, kama watu walivyofanya mwaka ule wa kwanza, ndipo kitambaa kikaanguka.